Voisi ya dakika saba ya mwenyekiti: jinsi ya kuitoa kazi zote zikiwa na majina na tarehe

Mi ni katibu wa kamati za harusi, nimeshakaa kwenye kamati kadhaa hapa Dar, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba mwenyekiti haandiki. Mwenyekiti anaongea. Anarekodi voisi akiwa kwenye daladala au kitandani, anarusha kwenye grupu, watu wanajibu "sawa mwenyekiti", "tumekusikia", halafu wiki inapita na hakuna aliyefanya kitu manake kila mtu alisikia kazi ya mwenzake. Kwa hiyo ntaonyesha hatua kwa hatua ninavyoichukua voisi ya namna hiyo mpaka iwe orodha ambayo kila mstari una mtu mmoja na tarehe moja, na ntatumia voisi moja ya kweli ya mwaka 2024 kwa harusi iliyokuwa Jumamosi ya tarehe 14 Desemba. Majina nimeyatoa, nimeacha vyeo na undugu tu.

Voisi yenyewe ilikuwa dakika 6 na sekunde 52. Iliingia kwenye simu yangu saa 6:17 usiku, tarehe 13 Novemba, siku ya Jumatano. Ishike hiyo saa, tutairudia.

Kwanza sikiliza yote bila kuandika

Usianze na kalamu. Ukianza kuandika sekunde ya kumi utaandika salamu na habari za foleni, halafu ukifika dakika ya tano ambapo anarudia kitu alichokisema mwanzo utakuwa umeshakiandika vibaya. Sikiliza mara moja mwanzo mpaka mwisho kwa spidi ya kawaida. WhatsApp inakuruhusu kuongeza spidi mpaka 1.5 au 2, nzuri kwa kurudia, lakini mara ya kwanza usiguse kwa sababu unatafuta na sauti ya mtu pia, pale anaposita, pale anaposema "ngoja kwanza", pale anapocheka, hizo ndo sehemu ambazo baadaye utajua kama alikuwa anaagiza au anawaza kwa sauti.

Kwenye usikilizaji huu wa kwanza kuna swali moja tu kichwani: kuna kitu cha leo? Kama kipo, acha orodha, piga simu sasa hivi. Orodha nzuri iliyotoka saa nane mchana haimsaidii mtu aliyetakiwa kufanya jambo saa nne asubuhi. Kwenye hii voisi kipo, utakiona.

Halafu andika juu ya ukurasa vitu viwili, nani ameongea na alirekodi lini. Kama voisi imefowadiwa kutoka grupu lingine angalia sana, manake saa utakayoiona ni ya kufowadi, siyo ya kurekodi, na mtu anaweza kukufowadia leo voisi ya juzi ambayo ndani yake kuna "kesho". Muulize aliyekutumia yeye aliipokea saa ngapi.

Rudia, sasa ukiwa na daftari

Mara ya pili unaandika, ila huandiki kila neno. Unaandika sentensi zile tu ambazo ndani yake kuna mtu, pesa, siku, au kitendo, na pembeni ya kila moja unaweka dakika iliposemwa. Kuweka dakika kunakula sekunde mbili na kunakuokoa siku mtu akisema "mimi sikuambiwa hivyo", unamwambia nenda dakika ya 3:40. Usizinyooshe sentensi, ziache kama zilivyotoka mdomoni. Hiki ndicho nilichopata mimi, nimekata sehemu za katikati:

"0:48 – lile suala la ukumbi nishaongea na meneja, anasema kama hatujalipa advansi mpaka kesho anawapa watu wengine, yeye yupo mpaka saa kumi, sasa mhazini sijui umefikia wapi…

1:35 – yule mama wa chakula anataka idadi wiki moja kabla, na sisi idadi hatuna mpaka michango ifungwe, michango si tulisema mwisho wa mwezi…

2:20 – kadi jamani tuzichapishe mapema, tusije tukaaibika, mama mdogo aliniambia ana mtu wake Kariakoo, basi amcheki Jumamosi ijayo…

3:05 – mapambo, mi nilikuwa nafikiria ingekuwa vizuri tukapata rangi moja, sijui nyie mnaonaje…

3:40 – vijana waende wakasikilize madijei, wasituletee mtu ambaye hatujamsikia…

4:30 – dua ya Tanga ni wiki ya kabla, usiku wa Ijumaa, kosta itafutwe…

5:12 – ah, nilisahau, ule ukumbi advansi ni nusu, milioni moja na nusu, ile nusu nyingine Jumatatu ya wiki ya harusi…

6:20 – kuhusu emsii nishamalizana naye, atanipigia."

Ona ukumbi. Umeanza dakika ya 0:48 na kiasi cha pesa kimekuja 5:12, katikati hapo amezunguka kwenye chakula, kadi, mapambo na Tanga. Watu wetu wanaongea hivyo na hakuna ubaya, ndivyo mtu anavyokumbuka. Kwa hiyo kazi yako inayofuata ni kukusanya, unachora mstari kutoka 0:48 mpaka 5:12 na kuandika "UKUMBI" pembeni. Fanya hivyo kwa kila suala kabla hujaandika kazi hata moja, la sivyo utakuwa na kazi mbili za ukumbi, moja haina kiasi na nyingine haina siku.

Chuja: ipi ni kazi na ipi ni maneno

Hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia, ukisikiliza vitenzi.

Ukisikia "-nge-" au "nilikuwa nafikiria", hilo ni wazo. "Ingekuwa vizuri tukapata rangi moja" siyo kazi, hakuna aliyeambiwa afanye kitu. Ukiiweka kwenye orodha utamtuma mtu kununua vitambaa vya rangi ambayo bibi harusi hajaichagua. Mawazo nayaweka chini ya orodha kwenye mstari wake, "ya kujadili kikaoni", yasipotee lakini pia yasijifanye kazi.

Ukisikia "nisha-" au "-mesha-", hiyo ni habari, limefanyika. Ila hapa ndo watu wanateleza. "Kuhusu emsii nishamalizana naye, atanipigia." Sehemu ya kwanza imekwisha, sehemu ya pili haijaisha, manake kama emsii asipopiga hamna emsii. Kila "atanipigia", "atanirudia", "kasema atatuma" ina kazi imejificha ndani, na mwenye kazi hiyo ni yule anayesubiri. Kwa hiyo mwenyekiti naye anaingia kwenye orodha: athibitishe emsii, na tarehe. Wengine wanaogopa kumwandika mwenyekiti. Mwandike tu, kwa heshima, na hakuna mwenyekiti aliyewahi kunigombeza kwa hilo.

Halafu kuna "tu-" na ile ya kutendwa. "Tuzichapishe", "kosta itafutwe", "michango ifungwe". Hizi ni kazi kweli, mtu anaagiza, ila mtendaji hayupo. Hizo zizungushie duara, ndo zinazokuja kufia kwenye grupu.

Mwenye kazi ni mmoja

Siyo kwamba atafanya peke yake, hapana, anaweza kuwa na watu kumi, ila kuna jina moja ambalo likiulizwa "imefika wapi" linajibu. Mistari yenye majina mawili mi huwa naikataa hata wenyewe wakikubali, manake kila mmoja atajua mwenzie ameshapiga simu.

Kwenye hii voisi kulikuwa na matatizo matatu ya wenye kazi na kila moja lina dawa yake.

La kwanza, "mama mdogo". Kwenye ile kamati mama wadogo walikuwa wawili, wa Tabata na wa Mbagala, na mjomba, yaani mwenyekiti mwenyewe, kichwani mwake alikuwa na mmoja tu. Undugu unatosha mdomoni, kwenye orodha hautoshi, ongeza mahali anapokaa au jina la mtoto wake. Hapa huwezi kubahatisha, inabidi uulize.

La pili, "vijana". Kundi halina simu. Mi nilimfuata kaka wa bwana harusi inboksi nikamwambia, "Bro, mjomba kasema vijana mkasikilize madijei, naweka jina lako, utachagua wa kwenda nao, sawa?" Akasema sawa. Usiweke jina la mtu kwenye orodha ya wazi kabla hujamuuliza, mtu akijiona amepewa kazi mbele ya watu arobaini bila kuambiwa, atakaa kimya na hiyo kimya utaihesabu ni ndiyo.

La tatu, "mama wa chakula anataka idadi". Ukisikiliza haraka utaandika "Mama wa chakula – idadi ya wageni". Lakini yeye siyo mwanakamati, hayupo kwenye grupu, huwezi kumdai. Mtu wa nje hawi mwenye kazi hata siku moja, geuza sentensi ili mtu wa ndani ndo afanye: "Katibu – kumpa mama wa chakula idadi ya wageni." Meneja wa ukumbi hivyo hivyo, mchapaji hivyo hivyo.

Tarehe, hapa kaa muda mrefu

Sehemu hii ndo imeniumiza zaidi kuliko zote. Kwenye kamati moja ya nyuma mwenyekiti alirekodi usiku wa manane akasema advansi ilipwe kesho, mi nikaamka asubuhi, nikasikiliza, nikaandika tarehe ya siku inayofuata. Tukafika ukumbini na pesa mkononi, ukumbi umeshachukuliwa jana yake. Tuliishia kufanya kwenye ukumbi mdogo na kuna wageni walikaa nje kwenye turubai, na mama wa bibi harusi nilimwona machozi yanamlenga. Tangu siku hiyo neno "kesho" naliheshimu.

Kanuni yake ni hii: "kesho" inahesabiwa kutoka kichwani mwa anayeongea, siyo kutoka kwenye simu yako. Mtu anayerekodi saa 6:17 usiku hajalala, kwake bado ni Jumanne. Simu inasema tarehe 13, yeye yupo tarehe 12. "Kesho" yake ni Jumatano ya tarehe 13, yaani siku hiyo hiyo wewe uliyoamka ukaisikiliza. Kama ungehesabu kutoka kwenye tarehe ya simu ungeandika 14 na ukumbi umekwenda. Ndo maana nilisema kuna kitu cha leo. Nilimpigia mhazini saa moja kasoro asubuhi, kabla ya orodha yoyote, nikamwambia mwisho ni leo saa kumi.

"Kesho kutwa" inafuata kanuni hiyo hiyo, na kwa wazee wa pwani utasikia "mtondo", ambayo ni siku inayofuata baada ya kesho kutwa, na "mtondogoo" siku moja mbele ya hapo. Hesabu kwa vidole kabisa kutoka siku aliyorekodi.

"Jumamosi ijayo" nayo ina utata, mtu akiisema Jumanne wengine wanaelewa hii inayokuja, wengine ile ya wiki inayofuata. Hapo ilikuwa ama tarehe 16 ama 23. Lakini siyo kila utata unastahili kumsumbua mwenyekiti. Jiulize, nikichagua ya karibu na nikawa nimekosea, kuna hasara gani? Kwa kuuliza bei ya kadi hakuna hasara, bei ikijulikana mapema ni nzuri. Niliweka 16 nikaendelea.

"Usiku wa Ijumaa" ni tofauti kabisa na hapa ndo penye hatari. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, na kwa Waislamu mpaka leo, siku mpya inaingia jua likizama. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni ikishaingia Magharibi. Kijana wa Dar akisikia "usiku wa Ijumaa" anaelewa Ijumaa baada ya kazi. Mjomba wetu ni wa Tanga. Dua ya wiki ya kabla ya harusi ingekuwa ama Alhamisi tarehe 5 Desemba ama Ijumaa tarehe 6, na kosta nzima ya watu kutoka Dar inategemea hilo, safari ya kilomita kama mia tatu na hamsini, ukikosea mnafika watu wanaosha sufuria. Hii huwezi kuchagua ya karibu. Uliza. Na ukishajibiwa, kwenye orodha usiandike tena "usiku wa Ijumaa", andika "Alhamisi 5/12 usiku" au "usiku wa kuamkia Ijumaa 6/12", hiyo hamna atakayeikosea.

Saa nazo. "Yupo mpaka saa kumi" kwa mtu wa hapa ni saa kumi jioni, haina shida. Ila kama kamati ina ndugu walioko nje, na yetu ilikuwa na dada yupo Muscat anayetuma mchango, saa kumi ya jioni simu yake inaiandika 16:00 na tena wao wako mbele yetu kwa saa moja. Andika "saa 10 jioni ya Dar (16:00)" mara moja na wote wanaelewa. Na usiandike namba tupu ya saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku, hata kama unaona inajulikana. Mtu akisema "baada ya Alasiri" muombe saa au andika saa 10 jioni umuonyeshe.

"Mwisho wa mwezi" ni tarehe 30 Novemba, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumamosi. Ila mwisho saa ngapi? Michango ina tabia ya kuingia usiku wa mwisho, kwa hiyo weka saa, niliweka saa 2 usiku.

Ukishazipata zote fungua kalenda uziangalie moja moja, kuna siku gani hapo. "Jumatatu ya wiki ya harusi" ilikuwa tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, benki zimefungwa. Tarehe 27 Novemba ilikuwa siku ya kupiga kura ya serikali za mitaa, sikuweka kazi yoyote hapo. Mwenyekiti akiongea hana kalenda mbele yake, wewe unayo. Tarehe ikigonga sikukuu isogeze nyuma, isije mbele, na uandike kwamba umeisogeza.

Zipange kuanzia harusini kurudi nyuma

Usizipange kama zilivyosemwa. Simama kwenye siku ya harusi, tarehe 14, halafu rudi nyuma. Chakula kinataka idadi wiki moja kabla, hiyo ni tarehe 7. Idadi inatoka kwenye kadi zilizolipiwa, singo ngapi na dabo ngapi, na hiyo haijulikani mpaka michango ifungwe tarehe 30. Kwa hiyo kati ya tarehe 30 na tarehe 7 kuna wiki moja tu ya kuandika majina, kuchapisha kadi, kuzigawa na kuhesabu.

Na hapo ndo unagundua voisi inajipinga. Mwenyekiti kasema kadi zichapishwe mapema, na kasema idadi haipo mpaka michango ifungwe. Yote mawili hayawezekani kwa pamoja. Katibu akikutana na kitu kama hicho asiamue yeye. Utashawishika, manake jibu unalo, lakini siku kadi zikipungua utaulizwa nani alisema. Inaenda kwenye maswali.

Rudi kwa mwenyekiti na maswali ya kujibika

Ukimwandikia mwenyekiti "mjomba, naomba ufafanuzi kuhusu kadi na Tanga" atakujibu kwa voisi nyingine ya dakika nne na utaanza upya. Mpe maswali machache, yenye herufi za kuchagua, inboksi siyo kwenye grupu. Mi nilituma hivi:

"Shikamoo mjomba. Voisi nimeisikiliza yote, naandaa orodha. Naomba unijibu haya matatu kwa herufi tu:
1. Mama mdogo wa kadi ni (A) wa Tabata au (B) wa Mbagala?
2. Dua Tanga ni (A) Alhamisi 5/12 usiku au (B) Ijumaa 6/12 usiku?
3. Kadi (A) tuchapishe 150 sasa hivi, au (B) tusubiri michango ifungwe 30/11?"

Baada ya dakika ishirini akajibu: "Marahaba. 1B. 2A, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi mwanangu. 3B lakini bei tuijue mapema."

Matatu yanatosha. Ukifikisha saba hatajibu hata moja, kwa hiyo chagua yale ambayo ukikosea kuna pesa inapotea au watu wanakwenda mahali siku siyo.

Jibu moja huwa linavuta jingine. Dua ikiwa Alhamisi tarehe 5, mhazini naye yupo Tanga, Ijumaa tarehe 6 anarudi njiani. Nilikuwa nimesogeza ile nusu ya pili ya ukumbi kutoka Jumatatu 9 kuja Ijumaa 6. Haiwezekani tena, nikairudisha Jumatano 4. Kwa hiyo kila ukipata jibu pitia orodha yote upya kwa macho ya huyo mtu mmoja, mfuate siku zake, uone kama yuko sehemu mbili.

Andika

Kila mstari una mtu, kitendo, dalili ya kwamba imekwisha, na siku. Hiyo dalili ndo watu wanaisahau. "Kushughulikia madijei" haiishi, mtu anaweza kukwambia nashughulikia mpaka siku ya harusi. "Kuleta bei za madijei wawili" inaisha, bei zipo au hazipo. Malipo dalili yake ni risiti kwenye grupu. Maneno kama kufuatilia, kuangalia, kuratibu na kucheki yatoe yote.

Kwenye WhatsApp nyota moja kila upande inakoza maandishi, kwa hiyo koza mtu na tarehe, vingine viache. Ile ya kwetu ilitoka hivi:

```
*KAZI ZA KAMATI - toleo la 1*
Chanzo: voisi ya Mwenyekiti, usiku wa
kuamkia Jumatano 13/11

1. *Mhazini*: kulipa advansi ya ukumbi
   1,500,000, risiti hapa.
   *Jumatano 13/11, saa 10 jioni*
2. *Mama mdogo Mbagala*: kuleta bei ya
   kadi 150. *Jumamosi 16/11*
3. *Mwenyekiti*: kuthibitisha emsii.
   *Jumatano 20/11*
4. *Kaka wa bwana harusi*: kuleta bei za
   madijei wawili. *Jumapili 24/11*
5. *Kaka mkubwa*: kulipia kosta ya Tanga,
   inaondoka Alhamisi 5/12 saa 12 asubuhi.
   *Jumanne 26/11*
6. *Mhazini*: kufunga michango, orodha ya
   waliotoa hapa. *Jumamosi 30/11, saa 2 usiku*
7. *Mama mdogo Mbagala*: majina kwa mchapaji
   (inasubiri 6). *Jumatatu 2/12*
8. *Mhazini*: nusu ya pili ya ukumbi, risiti.
   *Jumatano 4/12* (9/12 ni sikukuu)
9. *Katibu*: idadi kwa mama wa chakula
   (inasubiri 6). *Ijumaa 6/12*

Ya kujadili kikaoni: rangi moja ya mapambo
```

Namba 9 nimeiweka siku moja kabla ya mwisho wa mama wa chakula, kwa makusudi, kuna mtu atakayepiga simu usiku kusema mke wake pia anakuja. Kwenye kosta "kaka mkubwa" hakutajwa na mjomba, ile ilikuwa "itafutwe" tu, nilimpigia akakubali ndo nikaandika. Na wakati wa kuituma wataje wote kwa @, mtu anaweza kuzima milio ya grupu lakini akitajiwa jina simu inamwonyesha. Halafu ipachike juu ya grupu ili isizame chini ya picha za vikao na stika, ila angalia, WhatsApp inakuuliza ibaki juu muda gani, chaguo refu ni siku 30, na kutoka tarehe 13 Novemba siku 30 zinaishia tarehe 13 Desemba, kwa hiyo ilitutosha kwa namba zote tisa.

Voisi inayofuata

Itakuja, yetu ilikuja siku nne baadaye, dakika tatu hivi, mjomba kasikia kwamba bei za madijei zimepanda anataka vijana waende mapema zaidi. Usiandike orodha mpya. Chukua ile ile, andika toleo la 2, na namba zibaki zilivyo hata kama kazi imekwisha, weka "IMEKWISHA" mbele yake. Namba zikibadilika, mtu aliyezoea kwamba yake ni namba 5 atasoma 5 ya mwenzake. Tarehe iliyobadilika usiifute, onyesha zote mbili, rasimu yetu ilisomeka "*Jumatano 20/11* (ilikuwa 24/11)", na yule kaka wa bwana harusi nikampigia kabla sijairusha, akaniambia tarehe 20 yuko kazini zamu ya usiku, basi tukaweka Alhamisi 21 na mjomba akasema haina shida.